Mikopo ya Kampuni Mama na Hesabu ya Kodi katika Kisiwa cha Mvita

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, huwatazama kwa macho mawili tofauti watu wanaoipa kampuni fedha. Anayetoa fedha kwa kununua hisa hulipwa gawio, na gawio hutolewa katika faida iliyokwisha kutozwa kodi. Anayetoa fedha kama mkopo hulipwa riba, na riba huhesabiwa kuwa gharama ya biashara, kwa hiyo huondolewa katika mapato kabla kodi haijakokotolewa. Tofauti hiyo ina mantiki yake iwapo mwenye hisa na mkopeshaji ni watu wawili wasiojuana. Pale ambapo wote wawili ni mtu mmoja, yaani kampuni mama iliyoko Dubai au London inapoimiliki kampuni tanzu ya Mombasa na wakati huohuo kuikopesha, sheria huwa imemkabidhi mlipakodi uhuru wa kuchagua jina la fedha zake mwenyewe, na jina hilo ndilo linaloamua kiasi cha kodi.

Hesabu yake si ngumu. Kampuni tanzu inayopata faida ya shilingi 100 hulipa kodi ya kampuni ya asilimia 30, ikabakiwa na shilingi 70; zikipelekwa ng'ambo kama gawio, hukatwa asilimia 15 ya kodi ya zuio, ambayo ni kodi inayozuiwa na mlipaji kabla ya fedha kumfikia mpokeaji, na shilingi 59 na senti 50 ndizo zinazovuka mpaka. Shilingi hizohizo 100 zikiitwa riba, kodi ya kampuni haizigusi kabisa, zuio la asilimia 15 huchukua shilingi 15, na mmiliki hupokea shilingi 85. Hakuna bidhaa iliyoongezeka wala huduma iliyobadilika. Kilichobadilika ni mstari wa daftari ambamo fedha ziliandikwa. Hali ya kampuni kuanzishwa kwa hisa chache na kubebeshwa mikopo mingi ya mmiliki wake ndiyo inayoitwa mtaji finyu, na vizuizi dhidi yake vimekuwamo katika sheria za nchi nyingi kwa miongo kadhaa.

Kizuizi cha zamani cha Kenya, kilichokuwa katika kifungu cha 16(2)(j), kilipima uwiano wa deni na mtaji. Kampuni iliyodhibitiwa na mtu asiye mkaazi wa Kenya, akiwa peke yake au pamoja na watu wengine wasiozidi wanne, iliruhusiwa kuhesabu riba kuwa gharama maadamu mikopo yake yote haikuzidi mara tatu ya jumla ya hisa zilizolipiwa na akiba ya faida. Mikopo hiyo ilihusisha pia ile ya benki za hapa nchini na kila deni lililotozwa riba, na akiba ya faida ilihesabiwa pamoja na hasara zilizolimbikizwa, hivi kwamba kampuni iliyopata hasara mfululizo ilijikuta mtaji wake wa kikodi ukinywea wakati ambapo ilihitaji mkopo zaidi. Hata hivyo, udhaifu mkubwa wa kipimo hicho ulikuwa kwamba kilitazama ukubwa wa deni tu, na kiliweza kuridhishwa kwa kuongeza hisa, hata kama kiwango cha riba kilikuwa cha juu kuliko ambacho mkopeshaji yeyote wa kawaida angethubutu kukidai. Kiwango cha riba kiliachiwa kanuni nyingine, zile za bei za miamala baina ya kampuni zenye uhusiano, ambazo huhitaji ushahidi mwingi na mabishano marefu kila mara zinapotumika.

Mwaka 2015 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lenye makao yake Paris, lilitoa mapendekezo ya kuzuia uhamishaji wa faida, na pendekezo lake la nne lilihusu riba. Lilishauri nchi ziache kulitegemea deni kama kipimo na zitazame mapato, kwa kuruhusu riba isiyozidi kiwango fulani, kati ya asilimia 10 na 30, cha mapato ya uendeshaji, yaani faida ya kampuni kabla ya kuondoa riba, kodi, uchakavu wa majengo na mitambo, na upunguzaji wa thamani ya mali zisizoshikika. Hoja yake ilikuwa kwamba deni linaweza kuandikwa popote, lakini mapato ya uendeshaji hutokana na shughuli halisi. Anayetaka kukatiwa riba kubwa zaidi lazima kwanza aonyeshe shughuli kubwa zaidi mahali hapo, na shughuli hiyo yenyewe hutozwa kodi. Uganda iliufuata mkondo huo mwaka 2018 kwa kuweka asilimia 30. Tanzania imebaki na kipimo cha deni na mtaji, cha 7 kwa 3, kwa kampuni zenye sehemu kubwa ya umiliki wa nje.

Kenya ilivuka kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 2022 iliuondoa uwiano wa tatu kwa moja na kuweka asilimia 30 ya mapato ya uendeshaji, bila kuhesabu mapato yaliyosamehewa kodi. Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, kwa sababu mwandishi wa sheria alilitupa jarife pana kupita kiasi. Kizuizi kilichokusudiwa kampuni za kimataifa sasa kiliwahusu wote, hata kampuni ya familia ya Mombasa isiyo na mbia wa nje, ambayo ilikuwa imekopa katika benki ya papa hapa kisiwani kwa masharti ya kawaida ya soko, na ambayo riba yake ilikuwa tayari inatozwa kodi kama mapato ya benki hiyo hiyo nchini Kenya. Wakati wenyewe haukuwa mzuri. Watalii waliofika Kenya walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hadi chini ya 600,000 mwaka 2020, na hoteli za Pwani zilikuwa zikibeba mikopo ya enzi ya neema kwa mapato ya enzi ya janga.

Mwaka 2022 Bunge lilianza kutoboa matundu katika jarife hilo. Benki na biashara ndogo zilizosajiliwa zilikuwa zimesamehewa tangu mwanzo. Sheria ya Fedha ya 2022 ikaongeza taasisi za mikopo midogo, watengenezaji wa chanjo za binadamu, na viwanda vikubwa. Kipengee kimojawapo kuhusu viwanda kinawasamehe waliowekeza angalau shilingi bilioni 5, kwa sharti kwamba uwekezaji huo ufanywe nje ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na Kaunti ya Mombasa. Inafahamika kuwa nia ilikuwa kusambaza viwanda mashinani, lakini matokeo yake ni kwamba kiwanda cha Mtwapa, katika Kaunti ya Kilifi, kinaweza kuingia katika msamaha huo ilhali kingine chenye deni lile lile, kilichoko ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari, kikabaki nje. Kuitia Mombasa kapu moja na Nairobi katika suala la fursa za viwanda ni uamuzi ambao wakaazi wa Changamwe wana haki ya kuudai ueleweshwe.

Marekebisho makubwa zaidi yalikuja na Sheria ya Fedha ya 2023, ambayo Mahakama ya Rufani iliibatilisha tarehe 31 Julai 2024 na Mahakama ya Juu ikairejesha tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Sheria hiyo iliirudisha asilimia 30 mahali pake kwa kuielekeza kwenye riba inayolipwa wasio wakaazi peke yake, na ikaruhusu riba iliyokataliwa ipelekwe mbele kwa miaka mitatu, ikatwe katika mwaka wowote miongoni mwa hiyo ambao kiwango kina nafasi. Mkopo wa benki ya Mombasa ukawa umetoka kifungoni.

Namna kanuni hii inavyofanya kazi huonekana vyema katika mfano, na mfano unaofuata ni wa kubuni ingawa mazingira yake ni ya kweli. Na ichukuliwe kampuni iliyonunua majumba mawili ya mawe katika Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu, ili kuyageuza kuwa hoteli ndogo. Gharama ya ununuzi na ukarabati ni shilingi milioni 200. Kampuni mama, iliyoko Dubai, inaweka milioni 20 kama hisa na milioni 180 kama mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo riba ya mwaka ni milioni 18. Hoteli ikishatulia hupata mapato ya uendeshaji ya milioni 24, na baada ya kutoa uchakavu wa milioni 4 hubaki na milioni 20 kabla ya riba.

Bila kizuizi chochote, mapato yanayotozwa kodi yangekuwa milioni 2 tu, na kodi ya kampuni shilingi 600,000. Kwa kanuni ya zamani, mkopo uliokubalika ungekuwa mara tatu ya milioni 20, yaani milioni 60, ambayo ni theluthi ya mkopo wote. Riba iliyokubalika ingekuwa milioni 6, na kodi milioni 4.2. Kwa kanuni ya sasa, asilimia 30 ya milioni 24 ni milioni 7.2, hiyo ndiyo riba inayokatwa, milioni 10.8 inakataliwa, mapato yanayotozwa kodi yanakuwa milioni 12.8, na kodi ni milioni 3.84. Kwa hoteli hii, kanuni mpya ni nafuu kidogo kuliko ile ya kale, jambo ambalo wengi wanaoilalamikia hawalitaji. Ikumbukwe pia kwamba kodi ya zuio hutozwa juu ya riba yote ya milioni 18, ile iliyokubaliwa na ile iliyokataliwa, hivi kwamba zile milioni 10.8 hulipiwa kodi ya kampuni kana kwamba ni faida na hulipiwa zuio kana kwamba ni riba.

Hadi hapo kizuizi kimetenda kazi yake, kwa kuwa hakuna benki huru ambayo ingeikopesha hoteli ya namna hiyo asilimia 90 ya gharama zake, na kampuni mama iliyofanya hivyo ilikuwa, kwa hakika, inaweka mtaji uliovalishwa kanzu ya deni. Mambo hugeuka mwaka unapokuwa mbaya. Tuseme msimu umevurugika na mapato ya uendeshaji yameshuka hadi milioni 9. Baada ya uchakavu hubaki milioni 5, riba inayodaiwa bado ni milioni 18, na kampuni kwa hesabu za kawaida ina hasara ya milioni 13. Lakini asilimia 30 ya milioni 9 ni milioni 2.7, hivyo kwa hesabu za kodi kampuni ina faida ya milioni 2.3 na inapaswa kulipa shilingi 690,000. Kipimo cha deni na mtaji kilikuwa na kasoro nyingi, ila kilikaza kitanzi kwa njia ya hasara zilizolimbikizwa, si kwa sababu tu wageni hawakufika mwaka huo. Kipimo cha mapato hukaza zaidi kadiri biashara inavyodhoofika, na hilo linatokana na umbile lake lenyewe.

Kibali cha kupeleka mbele riba iliyokataliwa kiliwekwa ili kulainisha kasoro hiyo, na ni hapa ambapo sheria inastahili kukosolewa zaidi. Riba ya zamani inaweza kukatwa tu katika mwaka ambao riba ya mwaka huo haikujaza kiwango. Hoteli ya mfano huu, ikirudi kwenye mapato yake ya milioni 24, ina riba mpya ya milioni 18 inayogombea nafasi ya milioni 7.2, hivyo nafasi ya riba ya zamani haipo. Ili riba ya mwaka mmoja tu ikubalike yote, mapato ya uendeshaji yangehitaji kufika milioni 60. Kwa hiyo kibali hiki humsaidia yule ambaye deni lake ni la kiasi na ambaye mwaka mmoja ulimwendea kombo, mradi aweze kuinuka ndani ya miaka mitatu. Ndani ya Mji wa Kale miaka mitatu ni muda mfupi sana. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1990, na mwenye kukarabati nyumba ya kihistoria, yenye milango yake ya nakshi na baraza zake, huhitaji vibali na mafundi wasiopatikana kila mtaa. Riba huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapochukuliwa, wakati mapato ya uendeshaji bado ni sifuri na asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Riba iliyokataliwa katika mwaka wa kwanza wa ujenzi inaweza kufa kabla hoteli haijampokea mgeni wa kwanza. Muda wa miaka 10, au muda usio na kikomo kama ilivyo katika baadhi ya nchi za Ulaya, usingeipunguzia Hazina kinga yake dhidi ya wanaokwepa, kwa kuwa aliyelimbikiza deni la kupindukia hatapata nafasi hata akingoja miaka 20.

Kasoro ya pili iko upande wa Hazina. Kwa kuwa kizuizi sasa kinatazama mahali alipo anayelipwa riba, njia ya mkato iko wazi kwa mwenye kutaka kuipita: kampuni mama huweka amana katika benki, na benki hiyo, kwa kutegemea amana hiyo kama dhamana, huikopesha kampuni tanzu kiasi kilekile. Katika vitabu vya hoteli mkopeshaji ni benki ya Barabara ya Nkrumah, mkaazi kamili wa Kenya, na asilimia 30 haina kazi tena, ijapokuwa fedha na hatari ya mkopo ni za mwenye hisa. Wakati huohuo kampuni ya Mombasa iliyokopa katika benki ya maendeleo ya ng'ambo isiyo na uhusiano nayo wowote, kwa riba ya soko, inabanwa na kiwango. Kifungu cha 23 cha sheria kinampa Kamishna uwezo wa kuvunja miamala iliyobuniwa hasa kwa ajili ya kukwepa kodi, lakini ni lazima kwanza aione. Mkaguzi makini huanza na barua ya benki inayoeleza dhamana ya mkopo, kisha huuliza maswali ambayo hayahitaji utaalamu mkubwa: je, mkataba una ratiba ya marejesho, na je, kuna shilingi moja ya mkopo wa asili iliyowahi kurejeshwa? Riba inalipwa au inaandikwa tu na kulimbikizwa mwaka hadi mwaka? Mkopeshaji aliwahi kudai alipocheleweshewa? Mkopo ambao haurejeshwi, haudaiwi na hauna mwisho una sifa zote za hisa isipokuwa jina.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao ni wa Mombasa hasa, na ambao wanaoandika kutoka Nairobi huupita haraka. Familia nyingi za Mji wa Kale zina ndugu Maskati, Dubai na Jeddah, na kwa waumini wengi miongoni mwao kukopeshana kwa riba ni haramu. Fedha zinazotoka Ghuba kuja kufufua duka la nguo la Mtaa wa Biashara au kampuni ya kutoa mizigo forodhani huja kama karadha hasana, mkopo usio na nyongeza yoyote, ambao mtoaji hutarajia kurudishiwa alichotoa tu. Mtu angedhani kwamba ambaye hatozi riba yuko salama katika sheria inayozuia riba. Sivyo. Sheria ina kitu kinachoitwa riba ya kukadiriwa: kampuni inayodhibitiwa na asiye mkaazi, ikikopeshwa bila riba na asiye mkaazi huyo, huhesabiwa kuwa inalipa riba kwa kiwango cha wastani cha dhamana za Hazina za siku 91, kiwango ambacho KRA hukitangaza kila robo ya mwaka. Riba hiyo ambayo haikulipwa hairuhusiwi kukatwa katika mapato, lakini zuio la asilimia 15 linapaswa kulipwa juu yake.

Katikati ya mwaka 2024 dhamana hizo za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Karadha ya shilingi milioni 50 kwa kiwango hicho huzaa riba ya kukadiriwa ya milioni 8 kwa mwaka, na zuio la shilingi milioni 1.2, ambalo kampuni hulitoa mfukoni mwake kwa kuwa hakuna malipo ya riba ya kuyakata. Kiwango hicho ni cha shilingi ya Kenya, lakini hutumika hata kama mkopo ulitolewa kwa dola au kwa dirhamu, sarafu ambazo riba yake ya soko ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Lengo la kanuni linaeleweka: bila hiyo, kampuni za kimataifa zingeweza kuficha malipo ya riba katika ada nyingine huku mkopo ukiitwa wa bure. Wanaofuata njia ya murabaha, ambapo mkopeshaji hununua mali na kuiuza kwa faida inayojulikana, hawapati nafuu pia, kwa sababu tangu 2021 sheria inaingiza katika riba malipo yote yenye athari sawa na riba kiuchumi.

Hata hivyo, kabla ya familia kuandika hundi ya zuio, lipo swali ambalo mhasibu anapaswa kuliuliza kwanza, nalo ni kama ndugu aliye Maskati ni kweli si mkaazi. Kwa kodi ya Kenya, mtu mwenye makaazi ya kudumu nchini huhesabiwa kuwa mkaazi wa mwaka wowote ambao alikuwapo nchini kwa muda wowote, hata siku chache. Zile siku 183 zinazotajwa kila mara humhusu asiye na makaazi ya kudumu hapa. Mfanyabiashara mwenye nyumba yake ya kukaa katika Mji wa Kale, isiyopangishwa, anayerudi kila Ramadhani, ana uwezekano mkubwa wa kuwa mkaazi, na karadha yake kwa kampuni ya familia huenda isiguswe na riba ya kukadiriwa hata kidogo. Ubaya ni kwamba ukaazi huohuo huweza kuyaleta mbele ya KRA mapato yake ya ajira na ya biashara inayovuka mpaka kati ya Maskati na Mombasa, na kwa baadhi yao shilingi milioni 1.2 ya zuio inaweza kuwa ndiyo bei ndogo zaidi kati ya hizo mbili.